Nyanya Moja Kwenye Boksi la Viatu

Fundi viatu hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akimpa kiatu, alikipindua, akaitazama soli, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kisha akasema, "Kesho," au "Kesho kutwa," na mazungumzo yakaishia hapo. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Kinyozi, ambaye Mungu alimpa maneno ya watu wawili, alipenda kuwaambia wateja kwamba Fundi alipoposa alipeleka barua isiyoandikwa kitu, na bibi harusi akaielewa.

Hakuwa mbali na ukweli. Mkewe aliletwa kibandani na ndara iliyokatika mkanda. Fundi akaishona. Baada ya siku chache binti akarudi na ndara ile ile, mkanda ule ule. Fundi akaishona tena, akatilia uzi wa nta. Aliporudi mara nyingine, Fundi aliutazama uzi uliokatika, akaona umekatika sawasawa, kama uliopitiwa na wembe. Aliinua macho. Yule binti alikuwa anatazama barabarani kama mtu anayehesabu ng'ombe wasiokuwepo. Fundi akaishona ndara, na safari hii akakataa malipo. Ndivyo walivyooana.

Siku alipohamia, bibi harusi alikuja na sufuria, mkeka, na kifundo kidogo kwenye pindo la nguo yake. Ndani ya kifundo kulikuwa na mbegu za nyanya. Mama yake ndiye aliyemfungia, na yeye alifungiwa na mama yake. Zilikuwa nyanya za mikunjo, kubwa kama ngumi ya mwashi, zenye makunyanzi kuanzia kikonyo mpaka kitakoni, na ngozi laini ambayo ukiitazama vibaya inapasuka. Sokoni huwezi kuzipeleka. Zikifika, zimekwisha kuwa mchuzi. Lakini zilikuwa tamu mpaka watu walizila mbichi wamesimama pale pale uani, wakiinama ili wasijichafue kifua.

Mkewe alizipanda uani mwaka ule wa kwanza, na kila mwaka baada ya hapo. Alikuza miche kwenye makopo, akawagawia au akawauzia majirani, mpaka mtaa mzima wakamwita Mama Miche. Mkono wake haukujua kukunja. Mtu akija kuomba mche, anaondoka na miwili. Akija kulalamika kwamba konokono wameula, anaondoka na mitatu. Na kila mwaka nyanya zilipoiva, alichagua zilizo bora, akazifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, na hapo hata mtoto mwenye njaa alijua haziguswi. Hizo ni za mbegu.

Fundi alizila nyanya hizo miaka yote ya ndoa yake. Alimwona mkewe akizikamua, aliziona chupa zikitoa povu dirishani, aliziona sahani zimetandazwa punje, na hakuwahi kuuliza hata swali moja. Alikuwa na viatu vyake. Kila mtu na ala yake.

Mwaka huo mvua zilinyesha kama zimelipwa. Majani ya nyanya yakaanza kutoka madoa meusi, kwanza kwa jirani wa nyuma, kisha kwa wote. Ugonjwa ulipita bustani moja hadi nyingine kama habari mbaya. Majirani walimkimbilia Mama Miche, naye kwa huruma akachota mbegu zake zote zilizobaki akiba, akazisia upya ili awagawie tena. Miche hiyo nayo ikaoza. Walipohesabu kilichosalia mtaa mzima, yalikuwa mashina machache tu yaliyopandwa chini ya upenu wa nyumba yao wenyewe, ambako mvua haikuyafikia majani.

"Sijawahi kubaki bila akiba," Mama Miche alisema, akiutazama ule upenu. "Mama yangu angenichapa."

"Zitaiva," Fundi alisema.

"Zikiiva nitakuwa mtu."

Akazifunga uzi mwekundu zilizo nzuri. Wiki ile ile simu ikaja: binti yao, aliyeolewa mbali, alikuwa karibu kujifungua na daktari amemwambia alale asinyanyuke. Mama Miche alifunga nguo usiku na asubuhi akawa stendi. Kabla hajapanda gari alimshika mumewe kola ya shati, si kwa ukali.

"Baba watoto, zile za uzi mwekundu."

"Nimesikia."

"Ziache mpaka zilainike kabisa juu ya shina. Kisha nipigie, nitakwambia cha kufanya. Usimwachie Kinyozi hata moja."

"Nimesikia, mama."

Gari likaondoka. Fundi akarudi nyumbani, na kabla ya kufungua kibanda akapita uani kuziangalia.

*

Ziliiva. Fundi alizibonyeza kila asubuhi kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza ncha ya kiatu kutafuta dole la mteja, na siku zilipolegea vizuri alizichuma, akazipanga mezani na kupiga simu. Upande wa pili kulikuwa na kilio cha mtoto mchanga.

"Mjukuu huyo," Mama Miche alisema. "Ana sauti. Hakurithi kwako. Haya, shika kisu."

Fundi akashika kisu.

"Kata kwa kiuno, siyo kutoka kikonyoni. Umeona vyumba vya mbegu? Kamua zote kwenye chupa ya mdomo mpana, pamoja na ule ute wake. Usiusafishe. Tia maji kidogo tu, ya kufunika. Kisha funika mdomo na kitambaa, usikaze kifuniko."

"Kwa nini nisikaze?"

Mama Miche hakuzoea kuulizwa na mumewe.

"Kwa sababu inapumua. Itachacha. Ukiziba, itakurukia usoni. Iweke mahali pa joto la kawaida, penye kivuli, koroga asubuhi na jioni. Ukiona ukungu mweupe juu na povu, na mbegu zimekaa chini, ukizisugua kwa vidole hazitelezi tena, ndiyo tayari. Usizisahau humo zikaanza kuota."

"Lazima zioze?"

"Ule ute ndio unaozuia mbegu kuota ndani ya nyanya. Unashikilia na magonjwa. Ukichacha, unaachia."

"Wanasema akiba haiozi," Fundi alisema.

Mama Miche alicheka mpaka mtoto akanyamaza. "Hii yetu lazima ioze kwanza. Nenda kazini."

Nyumbani dirisha lilikuwa na jua la asubuhi, kwa hiyo Fundi aliichukua chupa mpaka kibandani, akaiweka kwenye rafu kati ya kalibu za miguu ya wanaume na kopo la misumari. Siku ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili ilianza kunong'ona vipovu. Baada ya hapo ilinuka.

Kinyozi alichungulia mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi. "Fundi, sisi ni majirani wa siku nyingi. Niambie ukweli. Mguu wa nani umefia humo ndani?"

"Mbegu."

"Mbegu za nini, za fisi? Mteja wangu ameondoka amenyolewa upande mmoja."

"Atarudi," Fundi alisema.

"Atarudi wapi? Kesho watu watadhani ni mtindo, nao watataka."

Mama mmoja aliyekuja kuchukua viatu vya mwanawe alivinusa kwanza, akavitazama kwa shaka, akaondoka navyo amevishika mbali na mwili. Fundi aliona haya, masikio yakamwaka, lakini chupa hakuiondoa. Asubuhi na jioni aliikoroga kwa kijiti. Ulipofika ule ukungu mweupe, umetanda juu kama utando wa maziwa, aliuinua pembeni, akachota punje kidogo, akazisugua. Hazikuteleza. Zilikwaruza kidogo, kama msasa laini. Moyo wake ukafurahi kwa namna ambayo hakuitarajia.

Aliziosha yeye mwenyewe kama alivyoelekezwa kwa simu. Alitia maji tele, akakoroga, akaacha zitulie. Nyama ya nyanya na punje nyepesi, zile tupu zisizo na kitu ndani, zikaelea juu, nzuri zikazama. Alimwaga taratibu ya juu, akatia maji mengine, akamwaga, mpaka maji yakawa safi na chini ya chupa kukabaki mbegu zimelala pamoja, rangi ya mchanga. Akazichuja kwa chujio la chai. Harufu ilikuwa imekwisha. Hata Kinyozi alikuja kuzitazama.

"Kumbe ndani ya uvundo kuna watu wa heshima," alisema.

"Sasa zikaushe vizuri," Mama Miche alimwambia kwenye simu, akiwa na haraka, kwa sababu mtoto alikuwa anaogeshwa. "Zikibaki na unyevu zitapata ukungu na kazi yote itakuwa bure."

Akakata simu.

Jambo ambalo mtu analijua sana ndilo husahau kulisema. Na jambo ambalo fundi analijua sana ndilo hulitumia kila mahali. Fundi alijua kukausha. Maisha yake yote alikausha: ngozi iliyoloweshwa, soli zilizopakwa gundi, viatu vya watoto waliokanyaga madimbwi. Juu ya kibanda chake, upande wa nyuma, palikuwa na kipande cha bati alichokiinamisha kuelekea jua. Kiatu kikiwekwa pale saa sita, saa tisa unakivaa. Angani kulikuwa na mawingu yanayosogea, na Fundi akaogopa mvua isimkute na mbegu mbichi. Akazitandaza juu ya bati. Jua lilikuwa kali vile linavyokuwa kati ya mvua na mvua. Jioni zilikuwa zimekauka kau, nyepesi, zikitoa mlio zikimiminwa. Fundi alizitia kwenye kikopo, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza.

*

Kesho yake akampigia mkewe, yeye mwenyewe, bila kuitwa. Lilikuwa jambo la nadra.

"Zimekauka," alisema.

"Zimeanza kukauka," Mama Miche akamrekebisha.

"Zimekauka kabisa. Jana ile ile."

Fundi alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na mtoto akikohoa.

"Baba watoto, uliziweka wapi?"

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kibanda. Bati lilikuwa mbele yake. Aliweka kiganja juu yake, na ingawa ilikuwa bado asubuhi, akakiondoa upesi. Akakumbuka sahani zile za kila mwaka: juu ya kabati, chumba cha ndani, mahali pa upepo na giza kidogo. Miaka yote alidhani mkewe anaziweka pale kwa kukosa nafasi.

"Hapa hapa," alijibu. "Mjukuu hajambo?"

Mama Miche alisema mjukuu hajambo. Hakuuliza tena, na kutouliza kwake kulimkaa Fundi kifuani kama msumari uliopenya soli.

Jioni alichukua punje chache kutoka kwenye kikopo, akazikunja ndani ya kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, akatia ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka mahali pa vuguvugu. Hilo alikwisha kumwona mkewe akilifanya kujaribu mbegu za wengine. Alifungua kila siku. Alimwambia Kinyozi kwa maneno machache kuliko kawaida yake, na Kinyozi, ambaye angeweza kupata utani wa mwezi mzima, aliunyamazia. Badala yake alikuja kila jioni na kuuliza, "Wameamka?"

"Bado."

"Labda ni wavivu tu."

Hawakuwa wavivu. Wiki ilipita na nyingine ikaanza, na kitambaa kilipofunguliwa mara ya mwisho punje zilikuwa laini, zimeota ukungu wa kijivu, na ukizibonyeza zinatoa maji. Zilikwisha kufa juu ya bati siku ile ile, zimepikwa. Fundi alimimina zilizobaki mkononi. Zilionekana nzuri sana. Zilikuwa na vinyweleo vidogo, rangi ya mchele wa zamani, na hakuna ambaye angeziangalia na kujua kuwa hazina uhai.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema Kinyozi kwa upole, kwa sababu asingeweza kabisa kukaa bila kusema kitu.

Fundi alifunga kibanda mchana, akaenda nyumbani kupita uani. Chini ya upenu, ugonjwa ulikuwa umefika hatimaye. Majani yalikuwa yamejikunja, kahawia, yakivunjika ukiyagusa. Alipiga goti na kuanza kupekua shina kwa shina, jani kwa jani, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Kwenye shina la mwisho, lililoegemea ukuta, nyuma ambako mkono ulipaswa kupitishwa kwa kubahatisha, vidole vyake vikagusa kitu kigumu chenye makunyanzi.

Ilikuwa nyanya moja. Haikuwa na uzi mwekundu. Ilikuwa ndogo mno Mama Miche alipokuwa anachagua. Ilikuwa kijani, lakini kitakoni palikuwa na weupe unaoelekea njano, na ngozi yake haikuwa na doa. Akaikata na kikonyo chake, kwa kisu cha ngozi alichokinoa kwanza, maana aliona kuiacha kwenye shina lile ni kuiacha kwa adui.

Aliipeleka kibandani. Alichukua boksi la viatu, akalitandika karatasi, akailaza humo, akaliweka rafu ya chini ambako sakafu ni ya baridi na jua halifiki. Kila asubuhi alifunua kifuniko kabla hata hajawasha redio.

"Itie ndizi mbivu humo," Kinyozi alimshauri. "Itaiva haraka. Mama yangu alifanya hivyo."

"Sina haraka," Fundi alisema.

Kinyozi akamtazama, akarudi kwake. Siku hiyo aliwanyoa watu watano kimya, wakadhani anaumwa.

Njano ikapanda. Ikawa rangi ya chungwa, kisha nyekundu, kuanzia chini kwenda juu, mkunjo kwa mkunjo. Wateja waliambiwa wasiguse boksi lile. Wengine walifikiri ni viatu vya mheshimiwa fulani.

*

Mama Miche alirudi bila kupiga simu. Alishuka kwenye gari la mchana, na badala ya kwenda nyumbani kwanza alikuja moja kwa moja kibandani, begi begani, vumbi miguuni. Kinyozi alimwona wa kwanza, akatoka, akamlaki kwa sauti ya juu kupita kiasi.

"Shemeji! Karibu, shemeji! Shemeji amefika!"

"Unamtangazia nani, shemeji? Mimi si moto."

Kinyozi akajirudisha ndani kwa kichwa cha mteja wake. Mama Miche akaketi kwenye benchi la wateja, akavua ndara. Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu kwa kelele. Baba watoto, mbegu zangu ziko wapi?"

Fundi alitoa boksi la viatu rafu ya chini, akalipakata, kisha akampa. Mama Miche akalifungua akitarajia viatu. Akaiona nyanya. Akaitazama kwa muda mrefu, akaishika, akaigeuza.

"Hii haina uzi wangu."

"Haina."

"Zile za uzi?"

"Nilizianika kwenye bati," Fundi alisema. "Zimekufa. Nilizijaribu kwenye kitambaa, hata moja haikuamka. Ulipouliza kwenye simu sikukwambia. Nilitafuta uani, nikapata hii."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa mkupuo mmoja pale kibandani. Ukutani upande wa pili, mashine ya Kinyozi ilikuwa imezimwa.

Mama Miche aliiweka nyanya mapajani, akaifunika kwa viganja viwili. Macho yake yalijaa, na Fundi aliyaona, akatamani bati lile limwangukie.

"Mama yangu alinifungia zile mbegu usiku wa kuamkia harusi," alisema mkewe polepole. "Akaniambia, ukizipoteza usirudi kuniomba, nitakuwa sipo. Na kweli hayupo." Akajifuta kwa pindo la nguo. "Mimi nilikuambia nini kuhusu kuanika?"

"Uliniambia nizikaushe vizuri."

"Kivulini."

"Hukusema kivulini."

"Nilisema."

"Ulisema zikibaki na unyevu zitapata ukungu. Kisha mtoto akaenda kuogeshwa."

Mama Miche alikuwa mwanamke wa haki. Aliirudisha simu ile kichwani, neno kwa neno, na pale ambapo pangekuwa na kivuli hapakuwa na kivuli.

"Sikusema," alikiri. "Nilidhani kila mtu anajua."

"Mimi najua viatu."

Kwanza mabega ya Mama Miche yakatikisika, na Fundi akadhani analia. Kumbe ni kicheko. "Umezianika kama ndara zangu," alisema. "Masikini mbegu zangu, zimekaushwa soli." Upande wa pili wa ukuta kulisikika mtu akivuta pumzi ndefu, na mashine ikaanza tena kunguruma.

"Lete kisu," Mama Miche alisema. "Na chupa. Wewe ndiye utakata. Mimi nitakaa hapa nikuambie na mambo ambayo kila mtu anajua."

Wakafanya hivyo. Alimwambia kukata kwa kiuno, ingawa alishajua. Alimwambia maji yasizidi, maana yakizidi uchachu unachelewa. Ukungu ulipokuja alimfundisha kunusa: kuna harufu ya kuchacha na kuna harufu ya kuchelewa, na mbili hizo ni ndugu lakini si mapacha. Fundi aliziosha, akazichuja. Zilikuwa chache, zilitosha kufunika kiganja.

"Usitie kwenye karatasi," mkewe alisema. "Zitaganda, ukizibandua utang'oa ngozi. Sahani."

Sahani ikawekwa kibandani, rafu ya juu upande usio na jua, ambako upepo wa mlangoni unapita. Kila Fundi alipomaliza kiatu, aliinuka na kuzipangua kwa ncha ya kidole zisishikane. Siku zikaenda. Alipotaka kuzifunga, mkewe alimpa punje moja.

"Ikunje."

Fundi akaibana kwa kucha. Ikapinda.

"Bado."

Baada ya siku nyingine akabana tena, ikavunjika kwa mlio mdogo.

"Sasa," akasema Mama Miche.

Walizitia kwenye bahasha ya karatasi, wakaandika mwaka juu yake, kisha bahasha ikaingia kwenye chupa kavu pamoja na vipande vya mkaa uliokaushwa na kupoa, wa kunywa unyevu wowote utakaojipenyeza. Kifuniko safari hii kilikazwa. Fundi alidhani atarudi nayo nyumbani. Mkewe alizunguka kibanda, akagusa ukuta, akainama akagusa sakafu, akaifungua kabati ya chini ambako ngozi nzuri zinahifadhiwa.

"Nyumbani bati linachemka mchana, na paa linavuja masika," alisema. "Hapa ni baridi, ni kavu, na giza. Itakaa kwako."

"Kwangu?"

"Wewe si ndiye mlinzi wa boksi."

*

Chupa ilikaa kabatini mwaka mzima. Fundi hakuifungua ovyo, kwa kuwa aliambiwa kila ukifungua unyevu unaingia kusalimia. Lakini kila Jumamosi, akifagia, aliitoa, akaishika dhidi ya mwanga wa mlangoni mara moja, akaangalia kama kioo kina ukungu kwa ndani. Hakikuwa nao. Akairudisha.

Msimu ulipofika walijaribu punje chache kwenye kitambaa. Fundi hakulala vizuri siku zile. Asubuhi moja alifungua na kukuta vijimzizi vyeupe, vimejikunja kama uzi uliokatwa. Alikipeleka kile kitambaa kwa Kinyozi, akakifungua mbele yake.

Kinyozi alivitazama. "Wameamka," akasema.

"Wameamka."

Nyanya za mwaka huo ziliiva chini ya upenu na nje ya upenu. Mama Miche alifunga uzi mwekundu kwenye nyingi kuliko zamani, na kibanda kikanuka mpaka wateja wakazoea. Mbegu zilipokauka hakuziweka zote kwenye chupa moja. Bahasha moja aliituma kwa binti yake, pamoja na viatu vidogo vya ngozi ambavyo babu alivishona mwenyewe. Nyingine alimpa Kinyozi.

"Mimi?" Kinyozi alishangaa. "Shemeji, mimi hata nywele hazikai mkononi mwangu."

"Ndiyo maana nakupa kidogo."

Kinyozi aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaingia nayo kibandani kwake, akatafuta mahali pa heshima, akaiweka dirishani chini ya kioo, ambako jua la mchana huingia lote. Akarudi kwenye kazi yake akipiga mluzi.

Upande wa pili wa ukuta, Fundi aliweka nyundo chini. Alitoka, akapita mlango wa jirani yake kwa mara ya kwanza bila kuitwa, akamkuta mteja amekaa na kitambaa shingoni. Akaichukua bahasha dirishani, akafungua droo ya chini kabisa, ile ya mataulo makavu, akailaza humo.

"Kivulini," alisema.

Kisha akarudi kwenye viatu vyake. Mteja akamtazama Kinyozi kwenye kioo.

"Kumbe yule mzee anaongea?"

"Huongea," alisema Kinyozi. "Ila kwa mambo ya mbegu tu."